Glosi au mati, gramu ngapi? Kuchagua karatasi ya kipeperushi, broshua na kijitabu

Dada mmoja anayeendesha chuo cha ushonaji alifika mezani kwangu na kazi tatu kwa mkupuo: vipeperushi 2,000 vya A5 vya kugawa mkononi, broshua 500 za A4 zenye mikunjo miwili, na vijitabu 500 vya A5 vya kurasa 32 vya kufundishia vipimo na ukataji. Akapapasa sampuli zilizokuwa mezani, kidole kikatua kwenye glosi ya gramu 170. “Fundi, zote tatu nifanyie hii. Nzito, inang'aa, haina aibu.”

Karatasi ile ni nzuri kweli, na ukiishika unaelewa kwa nini aliipenda. Lakini kwa kipeperushi ilikuwa nzito kupita mahitaji, kwa broshua ilikuwa ukingoni mwa kupasuka kwenye mkunjo, na kwa kijitabu ingeharibu kazi nzima. Tulikaa karibu saa moja tukiweka karatasi kwa karatasi, na nitakayoyaeleza hapa ndiyo tuliyolinganisha siku ile, pamoja na sababu zake.

Gramu ni uzito, si unene

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Namba iliyoandikwa kwenye rimu, gsm au g/m², ni uzito wa karatasi hiyo yenye eneo la mita moja ya mraba. Karatasi 16 za A4 hutimiza mita hiyo moja, hivyo A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 hivi. Namba hiyo haikuambii karatasi ni nene kiasi gani, wala itasimama vipi mkononi.

Sababu iko kiwandani inakotengenezwa. Bondi, ile ya kawaida ya mashine ya fotokopi, haina mpako. Nyuzi zake zimelala kwa ulegevu na kati yake kuna hewa. Glosi, ile inayong'aa, na mati, ile isiyong'aa, zote mbili zimepakwa udongo mweupe laini au chokaa iliyosagwa, ndiyo maana ni nzito na nyeupe sana. Tofauti ya hizi mbili ni kwamba glosi, baada ya kupakwa, hubanwa kwa nguvu kati ya roli laini zenye joto mpaka uso wake unakuwa kama kioo. Mati haibanwi hivyo. Basi kwa uzito uleule glosi hutoka nyembamba, mati hutoka nene kuliko hiyo, na bondi hutoka nene kuliko zote.

| Karatasi | Unene (takriban) |
|---|---|
| Bondi gramu 80 | milimita 0.10 |
| Glosi gramu 130 | milimita 0.10 |
| Mati gramu 130 | milimita 0.12 |
| Bondi gramu 100 | milimita 0.12 |
| Glosi gramu 170 | milimita 0.13 |
| Mati gramu 150 | milimita 0.14 |

Kila mtengenezaji ana tofauti zake ndogo, lakini mpangilio ni huu. Tazama mistari miwili ya kwanza: glosi ya gramu 130 ina unene sawa na karatasi ya fotokopi. Tazama na miwili ya mwisho: mati ya gramu 150 ni nene kidogo kuliko glosi ya gramu 170. Mteja akikuambia anataka “kitu kigumu” na wewe ukampandishia gramu kwenye glosi, huenda unamwongezea mzigo tu, wakati kumhamishia kwenye mati ya gramu pungufu kungempa ugumu anaoutaka. Ukakamavu wa karatasi hupanda haraka zaidi kuliko unene wake, kwa hiyo nyongeza ndogo ya unene mkono huihisi sana.

Nilimpa yule dada vipande viwili, glosi 170 na mati 150, nikamwomba afumbe macho aniambie kipi kizito. Akainua mati. Sikuwa namtega, mtu akilishika jambo hili mwenyewe, mazungumzo yanayofuata huwa mepesi.

Kung'aa na kutong'aa, macho yanaona nini

Uso wa glosi ni laini, kwa hiyo mwanga unaogonga hapo hurudi upande mmoja kwa pamoja, kama kwenye kioo. Ukitazama nje ya upande huo, unaona wino wenyewe bila weupe wa mwanga kuchanganyika nao. Ndiyo maana nyeusi ya glosi ni nyeusi tititi na nyekundu inaiva. Ukitazama ndani ya upande huo, unaona taa badala ya maandishi, na inakubidi uigeuzegeuze karatasi.

Mati hutawanya mwanga kila upande. Hakuna mahali taa inapokuziba macho, lakini weupe kidogo wa mwanga uko kila mahali, hata juu ya nyeusi, na rangi zote zinapungua ukali kwa hatua moja. Picha ya kitenge chenye rangi kumi kwenye mati itakuwa nzuri na tulivu. Kwenye glosi itakuita kutoka mbali.

Kati ya hizo mbili kuna silki, ambayo imebanwa kiasi. Ofisi nyingi za uchapaji zinaiita mati moja kwa moja, na mteja hukuta tofauti pale anapoagiza mahali pengine. Ukiambiwa “mati”, omba uguse.

Bondi ni habari nyingine. Haina mpako, wino unazama ndani ya nyuzi na kutanuka kidogo, hivyo picha hufifia na vivuli huziba. Lakini ndiyo karatasi pekee kati ya hizi ambayo penseli, kalamu ya wino na kifutio vyote vinaipenda. Nitairudia kwenye kijitabu.

Kipeperushi

Kipeperushi ni karatasi moja, haikunjwi, na maisha yake ni mafupi: mtu anakipokea akitembea, anakitupia jicho, anakitia mfukoni au anakiacha. Kina sekunde chache tu za kuvuta jicho. Hapa glosi inashinda bila ubishi mkubwa, na uzito wa gramu 130 hivi unatosha.

Chini ya hapo tatizo huwa ni kupenya kwa picha ya nyuma, si wepesi wa karatasi. Kipeperushi cha yule dada kilikuwa na picha kubwa ya gauni la bluu iliyokolea mbele, na ratiba ya masomo kwa herufi ndogo nyuma. Kwenye gramu 90, gauni lile lingeonekana kama kivuli nyuma ya ratiba. Namna ya kupima ni rahisi: chukua karatasi tupu unayotaka kuitumia, iweke juu ya ukurasa uliochapwa kwa wino mwingi mweusi, ibonyeze kwa kiganja. Ukiweza kufuatisha umbo la kilicho chini, nyuma ya kipeperushi chako kutachafuka. Kama pande zote mbili zina maandishi mepesi tu kwenye weupe, gramu 100 au 115 hazina neno.

Juu ya hapo, swali ni la mzigo. A5 moja ni sehemu moja ya 32 ya mita ya mraba. Vipeperushi 2,000 vya gramu 130 vina uzito wa kilo 8 na kidogo. Kwa gramu 170 vinapita kidogo kilo 10 na nusu. Anayegawa ndiye anayebeba, na kilo mbili na zaidi alizotaka kuziongeza zisingebadilisha chochote kwa mpokeaji.

Mati kwa kipeperushi ninaipendekeza katika hali moja: pakiwa na mahali pa kuandika. Kuna vipeperushi vyenye nafasi ya jina, namba ya simu au tarehe ya miadi. Kwenye glosi kalamu ya kawaida huteleza na kukatakata mstari, na ya wino wa maji hubaki majimaji juu ya mpako na kupakazika kwa kidole. Kwenye mati kalamu ya kawaida hushika vizuri. Dada yule hakuwa na nafasi ya kuandika, tukaandika: glosi, gramu 130. Akaguna kidogo kwa kuikosa 170 yake, lakini alipokishika kipeperushi kingine kilichochapwa kwa gramu hizo akaridhika.

Broshua, ambako mkunjo ndio unaoamua

Broshua inakunjwa, na mkunjo unaitesa karatasi. Ukikunja, upande wa nje unavutwa na upande wa ndani unabanwa. Karatasi nyembamba hujipinda tu. Karatasi nene huwa na umbali mkubwa kati ya nje na ndani, mvuto wa nje unazidi, mpako unakatika, na wino uliolala juu ya mpako unakatika nao. Unachokiona ni mstari mweupe uliochanika juu ya mkunjo, na kama rangi iliyopita hapo ni nyeusi au bluu nzito, unaonekana kama mshono uliofumuka.

Kwa uzoefu wangu, kati ya gramu 130 na 150 karatasi hukunjika vizuri bila matayarisho makubwa. Kuanzia 170 kwenda juu sikubali kukunja kabla karatasi haijapigwa mfereji wa mkunjo, yaani kubonyezwa kwa chuma butu kwenye mstari wenyewe ili nyuzi zilegee mahali pale. Kwa gramu 200 na kuendelea, asiyepiga mfereji anaharibu kazi, hilo nalisema bila kusita. Na kazi ikichapwa kwa mashine ya dijitali ya tona, angalia zaidi, kwa sababu tona ni kama utando wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi na hukatika kwenye mkunjo kwa urahisi kuliko wino wa ofseti.

Kuna jambo la pili ambalo mteja halioni lakini mkunjo unalijua: uelekeo wa nyuzi. Nyuzi za karatasi nyingi zimelala upande mmoja, ule ambao karatasi ilikuwa ikikimbilia mtamboni. Mkunjo unaofuata nyuzi huwa safi. Unaozikata hukwaruza na karatasi hutaka kufunguka tena. Kuujua, shika karatasi kwa mikono miwili uipinde taratibu bila kuivunja, kisha igeuze robo uipinde tena. Upande inakokubali kwa ulaini, mstari wa mpindo ndio unaofuata nyuzi. Au chana kipande: mchano ukienda wima karibu kama uliokatwa kwa rula, umefuata nyuzi, ukienda upogo, umezikata.

Tulipofika kwenye broshua yule dada akabadili mawazo, akataka iwe ya gramu 250 na laminesheni, utando wa plastiki, juu, “isimame kama kadi”. Nilimkunjia karatasi tupu ya 250 mara mbili mbele yake nikaiweka mezani. Ikajifungua yenyewe polepole mpaka ikakaa kama paa la nyumba. Nikamkunjia ya mati 150, ikalala. Broshua ya mikunjo miwili lazima ilale, la sivyo haikai kwenye kishikio, haingii kwenye bahasha, na rundo la hamsini linaporomoka. (Nikiwa hapo hapo: katika A4 inayojikunja kwa kuingia ndani, zile sehemu tatu zisiwe sawa. Mbili ziwe milimita 100 na ile inayoingia ndani iwe milimita 97, vinginevyo inajikunja ncha kila unapofunga. Wabunifu wengi hugawa kwa tatu na kuniletea milimita 99 kila moja.)

Sasa glosi au mati? Hapa ndipo nilipofikiri zaidi, kwa sababu kila upande una hoja nzito. Broshua ile ilikuwa na picha za vitambaa, na vitambaa vinaomba glosi. Lakini ilikuwa pia na maelezo ya kozi sita, masharti na muda, kwa herufi ndogo, na broshua husomwa mtu akiwa ameketi, mara nyingi chini ya taa. Kitu kinachosomwa kwa dakika tano chini ya taa ninakipeleka kwenye mati.

Ila mati ina ugonjwa wake, na huu ndio ninaoutaka kila anayeagiza aujue. Miaka kadhaa nyuma nilisimamia kazi ya broshua zenye bluu nzito kutoka ukingo hadi ukingo, kwenye mati, bila kitu chochote cha kuilinda juu. Zilitoka mashineni zikiwa nzuri ajabu, kama velveti. Tulizipanga kwenye maboksi, zikasafiri kwa gari, na mteja alipofungua boksi alikuta michirizi mieupe na madoa yenye kung'aa kila mahali kurasa ziliposuguana. Tulichapa upya kazi yote. Chanzo ni uso wa mati wenyewe. Kwa kuwa haukubanwa ukalainika, chembe za mpako zimesimama, na chembe hizo husugua wino wa karatasi inayougusa kama msasa laini sana. Glosi haina msasa huo. Wino wa ofseti nao, ingawa huonekana umekauka kwa haraka, huendelea kukomaa kwa saa nyingi, na juu ya mati hukawia zaidi.

Ugonjwa huu unapimika kabla haujaja. Acha karatasi iliyochapwa ikae siku nzima, kisha chukua kipande cheupe cha karatasi ileile, kifunge kwenye kidole, usugue sehemu yenye wino mzito mara kumi kwa nguvu ya kawaida. Kipande kikitoka na rangi ya kuonekana, kazi hiyo isipangwe kwenye boksi hivyo ilivyo. Inataka vanishi ya kuilinda, au ihame kwenye glosi, au mbunifu apunguze eneo la rangi nzito.

Kwa dada yule tulichukua njia ya tatu. Mandhari ya broshua yalikuwa zambarau iliyokolea ukurasa mzima; mbunifu wake akayageuza kuwa meupe na kuiacha zambarau kwenye vichwa vya habari tu, mbali na mistari ya mkunjo. Tukaandika: mati, gramu 150. Kama angeng'ang'ania zambarau yake yote, ningempa glosi ya gramu 150 na mfereji kwenye kila mkunjo, na ningemwambia avumilie mng'aro wa taa.

Kijitabu

Kurasa 32 za A5 ni karatasi 8 za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili kwenye mgongo. Kurasa za kijitabu cha pini lazima zigawanyike kwa nne, kwa sababu kila karatasi inayokunjwa inazaa kurasa nne. Tukaamua karatasi moja iwe jalada na saba ziwe za ndani.

Hapa glosi 170 yake ilikuwa na kasoro tatu zinazofuatana. Ya kwanza: kijitabu kisingefunguka. Karatasi saba nzito kwenye mgongo mmoja hutaka kujifunga, na mwanafunzi anayeshona ana mikono miwili tu. Kitabu anataka kilale wazi karibu na mashine huku akisoma kipimo. Ya pili: karatasi zinapoingiliana, za katikati husukumwa nje kwenye ukingo wa mbele, kila karatasi kwa kiasi kinachokaribia unene wake. Karatasi saba za milimita 0.13 zinakaribia milimita moja. Tunapopitisha kisu kusawazisha, kurasa za katikati hupoteza milimita hiyo, na jedwali lililowekwa karibu mno na ukingo linakatwa. Ya tatu ndiyo iliyomaliza mjadala. Niliufungua ukurasa wa 14 wa rasimu yake nikakuta nafasi tupu zimepangwa: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.

“Hapa wanafunzi wanaandika?” nikauliza.

“Wanaandika na kufuta, fundi. Kila wiki.”

Basi glosi haikuwa na nafasi, na mati pia ilianza kupoteza. Penseli hupita juu ya mati, lakini kifutio hukwaruza mpako na kuacha doa linalong'aa, na kwa mara ya tatu karatasi imechoka. Tukahamia bondi. Bondi ya gramu 80 ingetosha kwa maandishi matupu, lakini michoro yake ya ukataji ilikuwa na mistari minene pande zote mbili, na kipimo cha kiganja kilionyesha kupenya. Gramu 100 ilikaa sawa: haipenyezi, inalala, inafutika.

Aliuliza kuhusu picha, maana bondi inazififisha. Kijitabu kilikuwa na picha nne tu za rangi, za hatua za kuweka zipu. Nilimshauri zichorwe kwa mistari badala ya kupigwa picha, na kwa kweli mchoro wa mistari hufundisha kushona vizuri kuliko picha. Kama kijitabu kingekuwa cha kuonyesha mitindo, picha ukurasa kwa ukurasa na hakuna wa kuandika ndani, ningekwenda mati ya gramu 115 au 130 bila kufikiri mara mbili. Na kama kingekuwa cha picha tupu, kurasa 16, cha kuacha watu midomo wazi, glosi 130.

Jalada ni jambo jingine, kwa sababu linashikwa kila siku kwa mikono yenye mafuta ya mashine. Tulichagua kadi ya mati ya gramu 250 na laminesheni upande wa nje. Ndipo ukaja mkanganyiko ninaoukuta kila mara: alidhani akisema “mati” amekwisha kuchagua. Karatasi ina mati na glosi yake, na laminesheni, ule utando wa plastiki unaobandikwa juu baada ya kuchapa, una mati na glosi yake. Utando ukishabandikwa, jicho linaona utando, si karatasi.

Utando wa mati unapendeza mkononi, lakini kwenye rangi nzito huonyesha alama za vidole na mikwaruzo ya kucha kwa mstari mweupe. Utando wa glosi hufutika kwa kitambaa chenye maji na mafuta hayang'ang'anii. Kwa karakana ya kushonea nilimpa wa glosi, ingawa kwa kitabu cha kukaa kabatini ningempa wa mati. Aina zote mbili zina dosari moja ya pamoja zikibandikwa upande mmoja: hewa yenye unyevu huingia kwenye karatasi kupitia upande ulio wazi, upande huo unatanuka, ule wenye plastiki hautanuki, na jalada linajikunja kwa nje kama ulimi. Kadi ya 250 inahimili kiasi. Ya 150 au 170 haihimili, na ndiyo maana jalada lisishuke chini ya 200 kama lina laminesheni ya upande mmoja. Mahali penye unyevu mwingi, bandika pande zote mbili.

Uzito ukaja kujipanga wenyewe. Kurasa za ndani ni vipande 14 vya A5 vya gramu 100, karibu gramu 44. Jalada ni gramu 16 hivi. Jumla gramu 60 kwa kijitabu, kilo 30 kwa vijitabu 500. Glosi 170 mwanzo hadi mwisho ingekuwa gramu 85 kwa kimoja na zaidi ya kilo 42 kwa vyote, na kisingelala wazi.

Kabla ya kusaini oda

Nilimtengenezea dami, yaani kila kitu kwa karatasi zenyewe lakini bila wino: kipeperushi kitupu, broshua tupu iliyokunjwa, kijitabu kitupu kilichopigwa pini na jalada lake. Kazi hiyo hainichukui robo saa, na mchapaji yeyote mwenye karatasi hizo ghalani anaweza kukufanyia ukiomba. Picha ya kwenye skrini haiwezi kukuambia kama broshua italala au kijitabu kitafunguka. Alikaa na dami ile siku mbili, akaandika na kufuta juu ya ukurasa mmoja mpaka ukachakaa, akarudi akiwa na ombi moja: nafasi za vipimo ziongezwe upana.

Oda tuliyosaini ilisomeka hivi, na ninaiweka neno kwa neno kwa sababu oda nyingi zinazokwama huwa zimeandikwa “karatasi nzuri, nzito”:

Kipeperushi: A5, glosi gramu 130, rangi pande mbili. Broshua: A4 wazi, mati gramu 150, mikunjo miwili kuingia ndani, milimita 97, 100 na 100, mkunjo ufuate nyuzi. Kijitabu: A5, kurasa 28 za ndani bondi gramu 100, jalada kurasa 4 kadi ya mati gramu 250, laminesheni ya glosi upande wa nje tu, pini mbili, nyuzi sambamba na mgongo.

Siku ya kuchukua mzigo nilimwomba asikague nakala ya juu ya boksi, maana hiyo haijasuguana na kitu. Akachomoa broshua kutoka katikati, akaitazama kwa kuiinamisha dirishani, akapitisha kidole gumba juu ya kichwa cha habari cha zambarau, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.